Kuchora yuniti inayojirudia ya polima: fuata uti wa mgongo

Swali lenyewe huwa ni fupi tu. Unapewa monoma moja au mbili, unaambiwa chora yuniti inayojirudia halafu sema polima ni ya adisheni au ya kondensesheni. Wengi hapo wanakimbilia kukumbuka majina, hii ni PVC, hii ni nailoni, hii sijui nini, na siku wakiletewa monoma ambayo hawajawahi kuiona wanakwama kabisa. Majina hayachori chochote. Kinachochora ni kujua atomu zipi zinaingia kwenye uti wa mgongo wa mnyororo na zipi zinabaki pembeni kama tawi, na hicho hicho ndo kinakuambia polima ni ya aina gani, kwa hiyo ukikishika kimoja umepata vyote viwili.

Uti wa mgongo ninaousema ni ule mstari wa atomu unazopita ukitembea kutoka mwisho mmoja wa mnyororo mpaka mwisho wa pili bila kukata kona kuingia kwenye tawi. Kwenye polima za adisheni za kawaida, kila monoma inachangia atomu mbili tu kwenye huo mstari, zile kaboni mbili zilizokuwa na bondi ya dabo, hata kama monoma yenyewe ina kaboni ishirini. Kwenye kondensesheni ni tofauti, monoma ina makundi mawili yanayoshika, moja kila upande, na chochote kilichopo katikati ya hayo makundi kinalala kwenye uti wa mgongo. Shika hilo, tuendelee.

Adisheni: tuanze na propeni

Naichagua propeni makusudi maana ndiyo inayowaangusha watu wengi kuliko etheni. Fomula yake kwenye karatasi huwa imeandikwa hivi:

```
CH3-CH=CH2
```

Ukiiangalia hivyo, macho yanakudanganya kwamba ni mstari wa kaboni tatu, na ndiyo maana unakuta mtu ameandika `-[CH2-CH2-CH2]n-` au `-[CH3-CH-CH2]n-` na anaona yuko sawa. Hiyo ya pili hata haiwezi kuwepo, kwa sababu kaboni ya CH3 tayari ina bondi nne ikishikana na ile CH, ukiongezea mkono wa kwenda kwa jirani wa kushoto inakuwa na tano.

Cha kwanza kabisa, kabla hujagusa mabano wala n, ichore upya hiyo monoma. Tafuta C=C, iweke katikati ikiwa imelala, halafu kila kitu kingine kilichoshikana na hizo kaboni mbili kipeleke juu au chini. Kulia na kushoto pabaki wazi kabisa, pasiwe na kitu:

```
 H   H
 |   |
 C = C
 |   |
 H   CH3
```

Ni propeni ile ile, hatujabadilisha chochote, tumeigeuza tu. Kazi karibu yote imeishia hapa, kwa sababu sasa ile CH3 inaonekana wazi kuwa ni tawi linaloning'inia, siyo sehemu ya mstari.

Sasa ifungue dabo. Moja kati ya zile bondi mbili inavunjika, na kila kaboni inabaki na mkono mmoja hauna kazi, ndo huo unaoenda kushika jirani. Kwa hiyo badilisha `=` iwe bondi singo, chora bondi moja itoke kushoto na moja itoke kulia, weka mabano yakate katikati ya hizo bondi mbili za pembeni, na n ndogo ikae chini kulia nje ya mabano:

```
     H   H
     |   |
 --[-C---C-]--
     |   |  n
     H   CH3
```

Bondi za pembeni lazima zitokeze nje ya mabano. Siyo urembo, ndizo zinazosema kuna jirani kushoto na jirani kulia. Ukizisahau umechora kitu chenye kaboni mbili za bondi tatu tatu, na msahihishaji yeyote anaondoa maksi hapo bila huruma. Na ukiiacha dabo ibaki halafu ukaongeza bondi za pembeni, kaboni zinafika bondi tano, nalo ni kosa la mara kwa mara sana, hasa kwa anayechora haraka haraka.

Ukaguzi wake ni rahisi. Hesabu atomu za ndani ya mabano ulinganishe na za monoma. Propeni ni C3H6, ndani ya mabano kuna C3H6. Uzito wa monoma ni 42, wa yuniti ni 42. Kwenye adisheni hakuna kinachotoka, kila atomu iliyoingia bado imo, kwa hiyo hizi namba zikitofautiana hata kwa haidrojeni moja basi umepoteza au umeongeza kitu mahali.

Monoma ikiwa kubwa ya kutisha, utaratibu haubadiliki hata kidogo. Chukua metili methakrileti, ile inayotengeneza plastiki ngumu ya kuonyesha kama kioo:

```
CH2=C(CH3)COOCH3
```

Kaboni tano, oksijeni mbili, kuna esta ndani yake, mtu akiona tu anaanza kuwaza kondensesheni. Tulia. Tafuta C=C. Kaboni ya kwanza ina H mbili, moja ipeleke juu na moja chini. Kaboni ya pili ina CH3 na COOCH3, moja juu moja chini, haijalishi ipi iko wapi. Fungua dabo, weka mabano:

```
     H   CH3
     |   |
 --[-C---C-]--
     |   |  n
     H   COOCH3
```

Kaboni mbili kwenye uti wa mgongo, mengine yote matawi. C5H8O2 kabla, C5H8O2 baada, uzito 100 kabla na 100 baada. Utaona hiyo esta haikuguswa kabisa, imekaa pembeni inaangalia wenzake wakishikana. Tutairudia baadaye kwa sababu ni mtego mzuri sana.

Kitu kimoja kidogo kabla hatujaondoka hapa. Ukiambiwa chora yuniti mbili au tatu za mnyororo badala ya moja, irudie vile vile kwa mpangilio ule ule, kaboni yenye tawi ifuatwe na isiyo na tawi, halafu yenye tawi tena. Usigeuze moja katikati. Na hapo mabano na n huziweki, maana umeombwa kipande cha mnyororo, bondi za pembeni tu ndo zinabaki.

Kondensesheni: hapa ndo penye kazi

Tuchukue PET, poliesta ya chupa za maji na ya nguo, iliyogunduliwa na wanakemia Whinfield na Dickson mwaka 1941. Monoma zake ni mbili:

```
HO-CH2-CH2-OH
HOOC-C6H4-COOH
```

Ya kwanza ni ethani-1,2-dioli, alkoholi yenye OH mbili. Ya pili ni asidi ya benzini-1,4-dikaboksili, yaani pete ya benzini yenye COOH mbili zilizoangaliana pande mbili. Hakuna C=C ya kufungua, na ile pete ya benzini usiiguse, dabo zake hazihusiki hapa hata kidogo. Kinachotokea ni OH ya alkoholi kukutana na COOH ya asidi, molekuli ya maji inatoka na esta inabaki.

Panga monoma hizo mstari mmoja, ile ya alkoholi kushoto na ya asidi kulia, na ile asidi iandike ikiwa imefunguliwa ili uione C=O na OH zake:

```
H-O-CH2-CH2-O-H    HO-CO-C6H4-CO-OH
```

Cheki katikati hapo, H ya alkoholi imeangaliana na OH ya asidi. Hizo zizungushie duara na uzitoe kama H2O. Asidi ndiyo inayotoa OH nzima, alkoholi inatoa H peke yake. Wengine wanafanya kinyume, wanatoa OH kwenye alkoholi na H kwenye asidi, na kwenye poliesta jibu la mwisho linaweza kutokea kufanana kwa bahati tu, lakini ukizoea hivyo, ukifika kwenye amini utavuna aibu maana amini haina OH ya kutoa. Zoea moja: asidi OH, mwenzake H.

Ukishatoa hayo maji ya katikati unapata hiki:

```
H-O-CH2-CH2-O-CO-C6H4-CO-OH
```

Na hapa ndo watu wengi wanaweka mabano wanaondoka. Bado. Hicho ulichonacho ni monoma mbili zilizoungana, miisho yake miwili bado ina H upande mmoja na OH upande wa pili. Yuniti inayojirudia ipo katikati ya mnyororo, ina majirani pande zote mbili, kwa hiyo ile miisho nayo imeshashikana na wengine na imeshatoa maji yake. Toa H ya kushoto kabisa, toa OH ya kulia kabisa, acha bondi zilizo wazi, ndo uweke mabano:

```
-[O-CH2-CH2-O-CO-C6H4-CO]n-
```

Maji mawili kwa kila yuniti, moja limetoka katikati, moja ni nusu kutoka kushoto na nusu kutoka kulia. Hilo ndilo linalochanganya kuliko yote kwenye mada hii nzima, kwa hiyo tulikague kwa namba. Dioli ina uzito 62, asidi ina 166, jumla 228. Toa maji mawili ambayo ni 36, unabaki na 192. Sasa hesabu yuniti uliyochora, C10H8O4, yaani 120 na 8 na 64, inakuja 192. Ukipata 210 ujue umetoa maji mara moja tu, kuna H na OH zimebaki miishoni. Ukipata 228 yenyewe hujatoa kitu. Namba inakuambia kosa liko wapi kabla hata hujaangalia mchoro.

Kuna ukaguzi mwingine naupenda zaidi kwa sababu hauhitaji kikokotoo. Andika ulichokiweka ndani ya mabano mara mbili mfululizo, halafu angalia pale vinapoungana. Yuniti yetu inaanza na O na inaishia na CO, kwa hiyo kwenye muungano unapata CO-O, ambayo ni esta, safi kabisa. Sasa tuseme mtu ameandika hivi:

```
-[O-CH2-CH2-O-CO-C6H4-CO-O]n-
```

Ukiirudia mara mbili, kwenye muungano inatokea O-O. Haipo kwenye poliesta, kwa hiyo kuna oksijeni moja imezidi. Au mwingine ameisahau O ya mwanzo akaandika `-[CH2-CH2-O-CO-C6H4-CO]n-`, ukirudia unapata CO-CH2 pale katikati, hiyo ni ketoni, siyo esta, maana yake oksijeni imepungua. Sheria ni kwamba bondi ya kwenye muungano iwe ya aina ile ile kama ile iliyomo ndani. Ukiona kitu kigeni kimejitokeza pale, rudi nyuma.

Na usishtuke ukiona kitabu kimeanza na asidi, `-[CO-C6H4-CO-O-CH2-CH2-O]n-`. Ni sahihi pia, mnyororo ni ule ule, wamekata sehemu nyingine tu. Fanya jaribio la kurudia, utaona muungano unatoa O-CO, esta vile vile.

Ukitakiwa kuandika mlinganyo mzima, n ya dioli na n ya asidi zinatoa polima na maji `(2n-1)`, siyo 2n kamili, kwa sababu mnyororo halisi una miisho miwili ambayo haijashikana na mtu, mmoja bado una H na mwingine una OH, hilo ni maji moja ambalo halijatoka. Ukiandika polima kwa mabano tu bila kuonyesha miisho, basi 2n ndiyo inayosawazisha mlinganyo. Chagua kimoja kulingana na ulivyochora, usichanganye.

Amaidi, na idadi ya kaboni

Poliamaidi inafuata njia ile ile, badala ya OH ya alkoholi una NH2 ya amini. Nailoni 6,6, ambayo mkemia Carothers aliipata pale kampuni ya DuPont mwaka 1935, inatoka kwa hizi mbili:

```
H2N-(CH2)6-NH2
HOOC-(CH2)4-COOH
```

Asidi inatoa OH, amini inatoa H moja tu kati ya zile mbili, ile nyingine inabaki kwenye naitrojeni. Ndiyo maana ndani ya polima tunaandika NH na siyo N tupu:

```
-[NH-(CH2)6-NH-CO-(CH2)4-CO]n-
```

Kosa la hapa lipo kwenye namba nne. Mtu anasikia 6,6 anaandika (CH2)6 pande zote mbili. Lakini asidi ya heksanidioiki ina kaboni sita ukihesabu na zile mbili za COOH, kwa hiyo katikati zinabaki CH2 nne tu. Amini haina kaboni kwenye kundi lake, zote sita ni CH2. Namba zinakubali: 116 na 146 ni 262, toa 36, inabaki 226, na yuniti hiyo ukiihesabu ni 226.

Wakati mwingine badala ya asidi wanakupa asili kloridi, `ClOC-(CH2)4-COCl`. Inayotoka sasa ni HCl, siyo maji, Cl kutoka kwa kloridi na H kutoka kwa amini. Uzito 116 na 183, toa HCl mbili ambazo ni 73, unapata 226 tena. Yuniti haibadiliki hata chembe, kilichobadilika ni kilichotupwa. Kwa hiyo usije ukaandika maji kwa mazoea, angalia monoma uliyopewa.

Halafu kuna monoma iliyobeba makundi yote mawili yenyewe, haihitaji mwenzake. Asidi ya laktiki, `HO-CH(CH3)-COOH`, ina OH upande mmoja na COOH upande wa pili. Toa H kwenye OH, toa OH kwenye COOH, imekwisha:

```
-[O-CH(CH3)-CO]n-
```

Hapa maji ni moja tu kwa kila yuniti, siyo mawili, kwa sababu monoma ni moja: 90 toa 18 ni 72. Ile CH3 ni tawi, ichore juu au chini, mstari wenyewe unapita O, kaboni, kaboni ya C=O. Amino asidi karibu zote zinakwenda hivi hivi, weka NH mahali pa O.

Kutofautisha: usitafute esta, tafuta iko wapi

Ukipewa polima iliyokwisha kuchorwa, weka kidole kwenye bondi ya kushoto kabisa na utembee nacho mpaka bondi ya kulia kabisa, bila kuingia kwenye tawi lolote. Kama umepita kaboni tupu, ni adisheni. Kama njiani umepita O au N iliyoshikana na C=O ambayo nayo umeipita, ni kondensesheni.

Sasa turudi kwenye ule mtego. Hii hapa ni polima ya vinili asetati, inayotumika kwenye gundi nyeupe ya mbao:

```
     H   H
     |   |
 --[-C---C-]--
     |   |  n
     H   O-CO-CH3
```

Esta ipo, inaonekana kabisa, na ukimpa mtu aliyekariri kwamba esta ni kondensesheni atajibu vibaya huku akiwa na uhakika wote. Tembeza kidole: kaboni, kaboni, umetoka. Esta iko kwenye tawi. Ni adisheni, monoma yake ni `CH2=CH-O-CO-CH3`, na hakuna maji yaliyotoka popote. Ile ya metili methakrileti ni hadithi hiyo hiyo.

Mtego wa kinyume chake upo kwenye monoma. Wanakupa asidi ya butenidioiki pamoja na dioli yetu ya mwanzo:

```
HOOC-CH=CH-COOH
HO-CH2-CH2-OH
```

Kuna C=C, mtu anaifungua. Lakini jiulize, ile dioli itaingia wapi sasa? Dioli haina dabo, inaweza kushika COOH tu. Kukiwa na monoma mbili, moja ina COOH mbili na nyingine ina OH mbili, hizo ndizo zinazoshikana, na C=C inakaa kimya katikati ya mnyororo bila kuguswa:

```
-[O-CH2-CH2-O-CO-CH=CH-CO]n-
```

116 na 62, toa 36, inakuwa 142, na yuniti ni C6H6O4 ambayo ni 142. Hii ni poliesta yenye dabo ndani yake, na siyo kitu cha kubuni cha mtihani, poliesta za jamii hii ndizo zinazochanganywa na stairini halafu zile dabo zinakuja kufunguliwa baadaye kuunganisha mnyororo na mnyororo, resini ya faibaglasi inagandishwa hivyo.

Linganisha na asidi ya propenoiki, `CH2=CH-COOH`, ikiwa peke yake. Ina COOH, ndiyo, lakini ni moja na haina OH ya alkoholi wala NH2 wa kushikana naye. Kundi moja la kushika haliwezi kujenga mnyororo, litashika mara moja na kuishia hapo. Kwa hiyo kilichobaki ni C=C, na polima ni ya adisheni, COOH inaning'inia kama tawi. Yaani upande wa monoma swali la kujiuliza ni moja tu: mnyororo unaweza kuendelea pande zote mbili kwa kutumia nini? Kama ni C=C, adisheni. Kama ni makundi mawili ya miishoni, kondensesheni.

Kurudi nyuma, kutoka polima kwenda monoma

Ukishajua aina, kurudi ni kukata. Kwenye adisheni kata kila baada ya kaboni mbili za uti wa mgongo, toa bondi za pembeni, rudisha dabo katikati ya hizo mbili. Umepewa `-CH2-CHCl-CH2-CHCl-`, kata baada ya CHCl ya kwanza, rudisha dabo, unapata `CH2=CHCl`, kloroetheni. Ni hayo tu.

Kwenye kondensesheni unakata ile bondi singo kati ya C=O na O, au kati ya C=O na N. Usikate penginepo, hasa usikate kati ya O na CH2, hilo ni kosa la kawaida kwenye poliesta kwa kuwa O ina bondi singo pande zote mbili na mtu anachagua yoyote. Upande wa C=O ongeza OH, upande wa O au NH ongeza H. Tujaribu na kipande hiki:

```
-CO-(CH2)8-CO-NH-(CH2)6-NH-CO-(CH2)8-CO-
```

Tafuta CO-NH, zipo mbili, kata zote. Katikati inatoka `-NH-(CH2)6-NH-`, ongeza H kila upande unapata diamini ya kaboni sita. Upande wa pili ni `-CO-(CH2)8-CO-`, ongeza OH kila upande unapata `HOOC-(CH2)8-COOH`, kaboni kumi kwa jumla. Hiyo ni nailoni 6,10, sita za amini na kumi za asidi, na sasa unaona jina lenyewe limetoka wapi bila kulikariri.

Na hii ndiyo sababu ya kemia iliyo nyuma ya mkato huo: poliesta na poliamaidi ukizichemsha na asidi au alkali ya kutosha, maji yanaingia pale pale ulipokata na mnyororo unaachana. Ikiwa ni alkali, asidi inatoka ikiwa chumvi yake, siyo COOH, na ikiwa umetumia asidi basi amini ndo inayotoka kama chumvi. Politheni unaweza kuichemsha hivyo mpaka uchoke, kaboni kwa kaboni maji hayana pa kushika.

Pale ambapo kanuni inagoma

Mgawanyo huu wa adisheni na kondensesheni ni wa Carothers, wa mwaka 1929, na aliutazama kwa kulinganisha fomula ya monoma na ya yuniti: zikifanana ni adisheni, zikitofautiana kwa kitu kilichotoka ni kondensesheni. Mara nyingi unakubaliana na uti wa mgongo vizuri tu. Nailoni 6 ndo inayoleta ukorofi:

```
-[NH-(CH2)5-CO]n-
```

Kidole kinapita NH na CO, kwa hiyo poliamaidi, kondensesheni, na kweli ukianza na asidi ya 6-aminoheksanoiki yenye uzito 131 inatoa maji 18 na yuniti inakuwa 113. Ila viwandani inatengenezwa kwa kaprolaktamu, ambayo ni pete yenye amaidi ndani yake tayari, uzito 113, na inachofanya ni pete kufunguka na kuungana na nyingine bila kutoa chochote. Kwa hiyo polima moja, yuniti moja, njia mbili, na kwa hesabu ya Carothers njia moja ni kondensesheni na nyingine siyo. Poliyurethani nazo ni hivyo hivyo, N na O zimo kwenye uti wa mgongo lakini hakuna molekuli ndogo inayotoka.

Kwa hiyo soma swali linauliza nini. Kama umepewa mchoro wa polima tu ukaulizwa aina, jibu kwa uti wa mgongo, nailoni 6 ni poliamaidi na inawekwa kundi la kondensesheni. Kama umepewa monoma yenyewe na ni pete, linganisha uzito wa monoma na wa yuniti kwanza kabla hujaandika `H2O` upande wa kulia wa mlinganyo, maana 113 ikibaki 113 hayo maji hayana pa kutoka, jina lake hapo ni upolimishaji wa kufungua pete.